Sola ya pampu: pesa zinarudi lini hasa?

*"Muuzaji ameniambia sola ya pampu ya 150,000 itajilipa kabla ya mwaka mmoja na nusu. Nimwamini? Na kuna tofauti gani nikikokotoa kwa riba ya mkopo?"*

Ndugu, hesabu hiyo ndiyo niliyopigiwa mimi nikilima sukuma na mchicha huku Ruai, Nairobi, kwa maji ya kisima. Nilikuwa nikichoma petroli ya shilingi 300 kwa siku. Muuzaji akazidisha kwa siku 365, akapata 109,500.

Lakini nani humwagilia Aprili mvua ikinyesha? Nilipofungua daftari langu nikakuta siku za kumwagilia ni kama 170 kwa mwaka, kwa sababu ya masika na vuli. Kwa hiyo nilichookoa ni 50,000 hivi, na 150,000 hurudi kwa miaka 3. Anza na daftari lako kabla ya kugusa kikokotoo.

Sasa riba. Chama chetu cha akiba kilinikopesha kwa asilimia 14 kwa mwaka, na shilingi ya kesho ina thamani ndogo kuliko ya leo, kwa hiyo 50,000 ya mwaka wa kwanza naigawanya kwa 1.14, ya mwaka wa pili naigawanya kwa 1.14 mara mbili, na kuendelea. Zinabaki 43,860, kisha 38,473, 33,749 na 29,604. Zijumlishe: miaka 4 imeisha na bado hujafika 150,000. Unafika mapema mwaka wa 5.

Hata hiyo ilinidanganya, na hapa ndipo paliponiuma. Mtambo wangu ulikuwa na betri za asidi, na mwisho wa mwaka wa 4 zikafa. Mpya zilikuwa 70,000. Kwa hesabu ya kawaida nilikuwa nimesharudisha mtaji mwaka wa 3, kumbe mwaka wa 4 nikarudi chini ya mstari: 200,000 nilizookoa, toa 70,000, zikabaki 130,000. Kipimo hiki cha muda wa pesa kurudi husimama siku pesa zinaporudi, na kinachotokea baada ya hapo hakikioni.

Ndiyo maana nililikataa pendekezo la fundi mwingine: pampu inayoendeshwa na paneli moja kwa moja, maji yanawekwa kwenye tangi, bila betri, 200,000. Lenyewe lingerudisha pesa kwa miaka 4, au 6 na miezi michache kwa riba ile, kwa hiyo lilionekana baya. Nimelipigia hesabu upya kwa miaka 10 kwa asilimia 14, betri zikibadilishwa mwaka wa 4 na wa 8. Thamani ya leo ya faida, gharama zote zikishatolewa: la betri karibu 45,000, la tangi karibu 61,000. Lililochelewa kurudisha pesa ndilo bora.

Mwambie muuzaji akuandikie mwaka kwa mwaka hadi wa 10, na kila kifaa kitakachobadilishwa kiwe kwenye mwaka wake. Pia muulize maji ya Julai, maana Nairobi wakati huo mvua ni haba na mawingu mara nyingi hufunika siku nzima: unahitaji kumwagilia, paneli zinatoa kidogo. Ukirudi kwenye petroli wiki hizo, itoe kwenye ile 50,000.