Bollinger ama Keltner: angalia data ya saa tisa na nusu

Nyinyi mnaoanza kutredi na hamjui muweke bendi gani kwa chati, yaani ile mistari ya juu na chini ya bei, anzeni na kujua kila moja inapima nini. Bollinger inachukua bei za kufunga za mishumaa 20 inaangalia zimetawanyika vipi kutoka kwa wastani wao, utambi haiuoni kabisa. Keltner tunayotumia siku hizi iko na ATR, yaani wastani wa urefu wa mshumaa wenyewe toka juu hadi chini, pamoja na gepu kama iliachwa tangu mshumaa wa nyuma ufunge.

Sasa chukua EUR/USD kwa chati ya dakika 15, siku ya data ya mfumuko wa bei Marekani. Hapa Nairobi inatoka saa tisa na nusu alasiri (wakiingia baridi yao inakuwa saa kumi na nusu). Tuseme kabla ya hapo mishumaa ina pipsi 8 hivi lakini inafunga karibu palepale, mtawanyiko ni pipsi 4. Ukizidisha kwa 2, Bollinger inakaa pipsi 8 kila upande na Keltner 16. Bollinger ikiingia ndani ya Keltner hivyo, jua soko limebana. Hapo naiamini Bollinger kuliko Keltner, ila haikwambii bei itatokea upande gani.

Data ikatoka, mshumaa wa pipsi 70, umefunga 60 juu. Kwa mshumaa huo mmoja Bollinger inaruka toka 8 hadi 27, manake hesabu yake inazidisha kila umbali kwa wenyewe kwa hivyo mshumaa mmoja wa mbali unavuta kila kitu. Keltner (ATR ya mishumaa 20, wastani wa kawaida) inatoka 16 inafika 22 tu.

Shida yenyewe inakuja baadaye. Bei ikitulia huko juu, kwa mshumaa wa kumi Bollinger imefika pipsi 60 kila upande na bendi ya chini iko pipsi 90 chini ya bei, ilhali soko limelala! Keltner yake iko kama 45 chini. Mwaka wangu wa kwanza niliacha stopu kwa ile bendi ya Bollinger, bei ikarudi pole pole mpaka ikanitoa na hasara kwa tredi iliyokuwa na faida nzuri, na iliniuma sana.

Kwa hivyo ukiona bendi zimepanuka juu na chini na mishumaa imerudi kuwa midogo, hiyo ni Bollinger bado inabeba ile data, stopu peleka kwa Keltner. Mishumaa 20 ya dakika 15 ni masaa matano, so kufika saa mbili na nusu usiku bei zote za kabla ya data zimetoka kwa hesabu, Bollinger imebana tena, na kama bei inazunguka palepale unaweza rudi kuuza bendi ya juu na kununua ya chini.