Usiulize meseji ni ya lugha gani, iulize herufi

Ukipewa kazi ya kutambua lugha katika meseji fupi zinazochanganya Kiswahili na Kiingereza, huenda ukaanza kama nilivyoanza mimi. Kila meseji niliipa lebo moja, `sw`, `en` au `mix`, nikajenga modeli ndogo ya konvolusheni juu ya herufi, yaani yenye vichujio vinavyopita juu ya vipande vya herufi, na mwishoni nikachukua jibu kubwa kuliko yote la kila kichujio. Kichujio chenye upana wa herufi tatu ni kigunduzi cha n-gramu ya herufi tatu, yaani kipande cha herufi tatu zinazofuatana. Kimoja kitajifunza kuitikia `ing`, kingine `nim`, kingine konsonanti iliyo mwisho wa neno, kwa kuwa neno la Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu.

Shida ni hilo la kuchukua jibu kubwa kuliko yote. Kichujio cha `ght` kikiitika mara moja ndani ya maneno kumi ya Kiswahili, alama inayobaki ni ileile ambayo ingebaki kama meseji nzima ingekuwa ya Kiingereza. Modeli inajua kipande kimeonekana, haijui kimeonekana wapi wala ni sehemu gani ya meseji. Halafu watu waliokuwa wakiniwekea lebo hawakuelewana wao kwa wao: neno moja la Kiingereza katika sentensi ya Kiswahili, je, hiyo ni `mix`? Nililaumu modeli kwa muda mrefu kabla ya kukubali kwamba swali lenyewe halikuwa na jibu.

Kwa hiyo weka lebo kwenye herufi. Tazama neno hili ambalo kila mtu amewahi kuliandika:

```
nilikuforwardia
sssssseeeeeeess
```

Herufi sita za mwanzo ni Kiswahili, saba za katikati ni Kiingereza, mbili za mwisho ni Kiswahili tena. Lebo ya neno zima ingekuwa uongo, na ya meseji nzima uongo mkubwa zaidi. Nafasi, tarakimu zinazosimama peke yake, vikatuni na majina ya watu vipe lebo ya tatu, ya "hakuna". Andika kanuni za mpaka kabla mtu hajagusa data. Yangu ilikuwa fupi: tahajia ndiyo inayoamua. `kudownload` ina Kiingereza ndani yake, `kudanlodi` yote ni Kiswahili. Unaweza kuchagua kanuni nyingine, mradi iwe moja.

Modeli yenyewe haihitaji kuwa kubwa. Hii ndiyo ninayoitumia:

```python
nn.Embedding(80, 24, padding_idx=0)
nn.Conv1d(24, 64, 5, padding=2)
nn.Conv1d(64, 64, 5, padding=4, dilation=2)
nn.Conv1d(64, 64, 5, padding=8, dilation=4)
nn.Conv1d(64, 3, 1)
```

Baada ya `Embedding` geuza mihimili kwa `.transpose(1, 2)`, na kati ya tabaka za `Conv1d` weka `ReLU`. Ukihesabu vigezo vyote ni 50,947, kama kilobaiti 200 tu bila kubana chochote, na inaenda vizuri hata kwenye simu. Namba ya kuangalia ni `dilation`, yaani umbali kati ya herufi ambazo kichujio kinazitazama. Tabaka la kwanza linaona herufi 5, la pili linapanua hadi 13, la tatu hadi 29. Maana yake kila herufi inaamuliwa kwa kutazama herufi 14 kushoto kwake na 14 kulia.

Kwa nini mbali hivyo? Kwa sababu ya maneno kama `wake`. Katika `mpigie mume wake` ni Kiswahili, katika `wake me up at six` ni Kiingereza, na herufi ni zilezile nne. Modeli yangu yenye tabaka moja iliona herufi mbili kila upande, ikawa inalipa neno hilo lebo ileile popote lilipo. Nilipofikia 29, `mume` na `me up` ziliingia ndani ya dirisha na makosa hayo mengi yakaondoka. Usisukume mbele zaidi bila sababu, lakini. Dirisha likiwa pana mno, modeli inaanza kudhani kila neno lina lugha ya majirani zake, na kilichopo katikati ya `nilikuforwardia` kinamezwa. Ukiona maneno ya Kiingereza yaliyo peke yake ndani ya Kiswahili yanapotea huku maneno tata yakisahihishwa, umevuka kipimo.

Kuna kosa moja ambalo halitoi onyo lolote. Meseji hupangwa kwa makundi, na fupi hujaziwa sifuri hadi zilingane na ndefu. Vekta ya sifuri ni sifuri kweli, ila konvolusheni ina `bias`, namba inayojumlishwa kwenye kila jibu, kwa hiyo baada ya tabaka la kwanza zile nafasi tupu si tupu tena, na tabaka linalofuata linazichanganya na herufi za mwisho za meseji. Kipimo chake ni rahisi: pitisha `ok sawa` peke yake, kisha ipitishe katika kundi moja na meseji ya herufi 150. Alama zikitofautiana, una kosa hilo, na meseji fupi ndizo zinazoumia zaidi. Dawa ni kuzidisha kwa kinyago cha sifuri na moja baada ya kila tabaka, na kuziondoa nafasi hizo katika hesabu ya hasara kwa `ignore_index=-100`.

Sasa kuhusu kusafisha data: punguza mkono. Mazoea ya kufuta tarakimu yataua `2taonana`, ambamo 2 ni silabi "tu". Mimi nilizifuta wiki nzima nikishangaa modeli inafundishwa na maneno yasiyo na vichwa. Tarakimu iliyoshikana na herufi ipe lebo ya neno lake. Herufi zilizorudiwa, kama `saaaaana`, zipunguze hadi mbili tu. Na kumbuka kwamba tahajia ya kawaida haitegemewi kwa mtu anayeandika `cjui`, `xaxa` au `hku`. Kama data yako ya Kiswahili imetoka kwenye maandishi yaliyohaririwa, modeli itaona konsonanti zimerundikana na kusema Kiingereza. Nilichofanya ni kuchukua sehemu ya maneno ya Kiswahili ya mafunzo na kudondosha irabu kwa bahati nasibu, bila kugusa lebo. Fanya vivyo hivyo kwa Kiingereza, kwa maana `pls` na `tmrw` nazo hazina irabu, na ukifanya upande mmoja tu utaifundisha modeli kwamba kukosa irabu ni Kiswahili.

Ukipima, gawanya matokeo kwa urefu: meseji za herufi 1 hadi 5, 6 hadi 15, na zaidi ya hapo. Wastani mmoja wa zote huficha kundi la kwanza, kwa kuwa meseji ndefu zina herufi nyingi na ndizo zinazobeba hesabu. Kabla ya kugawanya mafunzo na majaribio, ondoa pia meseji zilizosambazwa mara nyingi, la sivyo modeli itatahiniwa kwa ilichokwisha kukariri.

Katika kundi hilo la kwanza utakutana na `pole`, peke yake, bila neno la kushoto wala la kulia. Hakuna upana wa dirisha utakaosaidia hapo. Modeli itarudisha tu uwiano iliouona kwenye mafunzo, na kama Kiingereza chako kilitoka kwenye makala za ensaiklopidia, itaisoma kama neno la Kiingereza lenye maana ya nguzo. Mimi huiacha meseji kama hiyo bila lebo alama ya juu ikiwa chini ya kizingiti, kisha naangalia meseji iliyotangulia ya mtu yuleyule.