Nometanefrini imepanda kidogo: ni uvimbe, ni dawa, au ni namna damu ilivyochukuliwa?

*Swali: Nina mgonjwa wa miaka 44 mwenye presha isiyotulia, moyo kwenda mbio na jasho. Anatumia amitriptilini miligramu 50 usiku kwa maumivu ya neva, na parasetamoli mara kwa mara. Metanefrini huru za plazima zimerudi hivi: nometanefrini 1.5 nmol/L (kikomo 0.9), metanefrini 0.3 (kikomo 0.5), methoksitiramini 0.14 (kikomo 0.1). Damu ilichukuliwa akiwa amekaa, saa moja baada ya kula ndizi mbivu na njugu. Je, nimpeleke CT moja kwa moja? Na tukiwa tunasubiri, naweza kumpa propranololi kwa ajili ya moyo na metoklopramidi kwa kichefuchefu?*

CT isubiri, na dawa hizo mbili usimpe hata moja. Majibu haya yanaweza kuwa ya uongo kwa sababu tatu au nne kwa pamoja, lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayothibitisha kwamba uvimbe haupo. Kwa hiyo kipimo kirudiwe kwa utaratibu, na hadi majibu mapya yatoke mgonjwa atunzwe kama mtu anayeweza kuwa na feokromositoma, yaani uvimbe wa tezi ya adrenali unaomwaga katekolamini, homoni kama adrenalini na noradrenalini.

Tuanze na amitriptilini, maana ndiyo mshukiwa mkuu. Ncha za neva zikimwaga noradrenalini, sehemu kubwa yake huvutwa tena ndani ya neva ileile na kuvunjwa humo humo. Amitriptilini na ndugu zake, yaani imipramini, nortriptilini na klomipramini, huziba njia hiyo ya kurudia. Noradrenalini inabaki nje, inachukuliwa na tishu nyingine zenye kimeng'enya kiitwacho COMT, na huko inageuzwa kuwa nometanefrini. Metanefrini yenyewe, ile inayotokana na adrenalini, karibu yote hutengenezwa ndani ya tezi za adrenali, hivyo dawa hii haiigusi sana. Ndiyo maana mgonjwa wako ana nometanefrini iliyopanda na metanefrini iliyotulia. Picha hiyo inaendana na dawa. Inaendana vilevile na uvimbe unaotoa noradrenalini peke yake, kama zilivyo paraganglioma nyingi, uvimbe wa jamii hiyohiyo unaoota nje ya tezi za adrenali, kwa hiyo isikupe usingizi mapema.

Kiwango chenyewe nacho kina la kusema. 1.5 haijafika mara mbili ya kikomo, na katika ukanda huo majibu ya uongo ni mengi. Nometanefrini ikivuka mara tatu au nne ya kikomo, au ikipanda pamoja na metanefrini, ni nadra sana sababu ikawa dawa au mkao. Hapo ningekuambia usipoteze muda kurudia, nenda kwenye picha. Kwa mgonjwa wako, kukimbilia CT kuna hatari yake: vinundu visivyo na madhara kwenye tezi za adrenali ni vya kawaida kadiri umri unavyosonga, na ukikiona kimoja huku mkononi una nometanefrini ya 1.5, utajikuta unajadili upasuaji wa kitu kisichomsumbua mtu.

Mkao umeongeza kiasi pia. Mtu akiketi, neva za simpatetiki hufanya kazi zaidi ili presha isishuke, na nometanefrini hupanda pamoja nazo. Vikomo vizuri vya kipimo hiki vimewekwa kwa watu waliolala chali, na ukivitumia kwa damu ya mtu aliyeketi unazalisha majibu ya uongo. Damu ya kuketi ina kazi moja tu: ikitoka chini ya kikomo cha aliyelala, uvimbe unaweza kuondolewa kwenye orodha. Ikitoka juu, haijasema kitu.

Ile 0.14 ya methoksitiramini sioni sababu ya kuihusisha na amitriptilini. Hiyo ni ndizi na njugu. Ndizi ina dopamini nyingi, na methoksitiramini ni zao la dopamini. Hapa kuna jambo ambalo hata wenye uzoefu hulichanganya: vyakula vyenye katekolamini nyingi, kama ndizi, nanasi na njugu, havipandishi nometanefrini huru wala metanefrini huru za plazima kwa kiasi cha kukupotosha. Vinapandisha methoksitiramini, na vinapandisha nometanefrini pale tu maabara inapopima jumla, yaani ile iliyounganishwa na salfati pamoja na huru. Muunganiko huo wa salfati hufanyika zaidi kwenye ukuta wa utumbo, palepale chakula kinapopita. Vipimo vingi vya mkojo wa saa 24 hupima jumla hiyo baada ya kuchemshwa na asidi. Kwa hiyo mgonjwa anayekusanya mkojo aepuke vyakula hivyo tangu siku iliyotangulia, na anayetoa damu afunge usiku kucha.

Parasetamoli ni habari tofauti kabisa. Haipandishi nometanefrini mwilini. Inaichanganya mashine ya maabara, ile inayotenganisha kemikali kwenye safu na kuzitambua kwa umeme: alama ya parasetamoli inaangukia karibu na ya nometanefrini na mashine inazihesabu pamoja. Angalia fomu ya majibu. Ikiwa imeandikwa LC-MS/MS, hiyo ni mashine nyingine na parasetamoli haina neno. Ikiwa imeandikwa HPLC-ECD, ndiyo mashine hiyo inayochanganywa, aiache siku 5 kabla ya kupimwa. Mesalazini na salfasalazini, labetaloli na methildopa nazo zina historia ya kuvuruga vipimo vya aina hii, kwa hiyo piga simu maabara uwaulize kabla hujamsimamishia mtu dawa anayoihitaji.

Sasa utaratibu wa kurudia. Amitriptilini isikatwe ghafla: ishuke hadi miligramu 25 kwa wiki moja, kisha 10 kwa wiki nyingine, kisha aiache. Hesabu wiki mbili kamili tangu kidonge cha mwisho ndipo upime. Kwa maumivu ya neva mpe gabapentini au pregabalini, ambazo haziingilii njia ya noradrenalini. Wengi humhamishia mgonjwa kwenye duloksetini au venlafaksini wakidhani wametatua tatizo, kumbe nazo huziba njia ileile na nometanefrini inabaki juu. Kama angekuwa anaitumia amitriptilini kwa sonona, uamuzi wa kuiacha ungekuwa wa anayemtibu sonona hiyo. Presha yake idhibitiwe kwa amlodipini, au doksazosini, ambazo kwa kawaida hazivurugi majibu haya. Fenoksibenzamini isitumike kabla ya kupima, kwa sababu inaziba vipokezi vinavyozuia neva zisimwage zaidi, na nometanefrini hupanda.

Siku ya kipimo afike bila kula tangu usiku, maji tu, bila kahawa wala sigara, na bila dawa ya mafua yenye pseudoefedrini. Mwekee kanula, mlaze chali dakika 30 kwenye chumba tulivu chenye joto la wastani, maana baridi nayo huamsha neva. Chota damu akiwa bado amelala, bila kumwinua hata kidogo, kwenye mrija wa EDTA uliowekwa kwenye barafu, na plazima itenganishwe mapema.

Nirudi kwenye propranololi na metoklopramidi, maana hapa ndipo mgonjwa anaweza kufia mikononi mwako.

Uvimbe unaomwaga katekolamini hubana mishipa kupitia vipokezi vya alfa. Vipokezi vya beta 2 kwenye mishipa ya misuli hufanya kinyume, huitanua, na kwa hiyo hupunguza makali. Ukimpa propranololi, dawa inayoziba beta, kwanza, umeondoa kutanuka na kuacha kubana peke yake, wakati huohuo umeudhoofisha moyo unaosukuma damu dhidi ya mishipa iliyokazwa. Presha inapanda na mapafu yanaweza kujaa maji. Presha inayopanda baada ya dawa ya beta ni dalili ya kuichukulia kwa uzito mkubwa. Labetaloli haikuokoi: nguvu yake ya kuziba beta ni karibu mara 3 ya ile ya alfa kwa kidonge, na mara 7 kwa mshipa. Mapigo ya moyo yatulizwe kwa beta baada tu ya alfa kuzibwa vya kutosha.

Metoklopramidi inaziba vipokezi vya dopamini, na sindano moja ya miligramu 10 imewahi kuanzisha mlipuko wa presha ndani ya dakika chache kwa watu ambao hakuna aliyejua wana uvimbe. Domperidoni, haloperidoli na droperidoli zote zinaziba vipokezi vya dopamini, kwa hiyo ziweke mbali nazo. Kwa kichefuchefu tumia ondansetroni miligramu 4. Amitriptilini yenyewe imo kwenye orodha ya vichochezi, na hiyo ni sababu ya pili ya kuiondoa. Glukagoni, ketamini na pethidini ziepukwe pia.

Steroidi zinahitaji neno lake, kwa kuwa mlipuko wake haupo haraka: unaweza kuja saa kadhaa baada ya dozi, wakati mgonjwa yuko nyumbani na hakuna anayeihusisha na kidonge. Kama kinundu cha adrenali kitaonekana na mtu akataka kupima kotisoli kwa deksamethasoni, majibu ya metanefrini yatangulie.

Upande wa chakula, kinachoweza kuchochea mlipuko ni tiramini, iliyomo kwenye jibini iliyokomaa, nyama iliyohifadhiwa muda mrefu na soya iliyochachushwa. Tiramini husukuma noradrenalini nje ya ghala zake. Kwa kawaida utumbo na ini huivunja kabla haijafika mbali. Hatari inakuwa kubwa mgonjwa akiwa anatumia dawa inayozuia kimeng'enya cha MAO, na kumbuka linezolidi, kiuavijasumu, inafanya hivyo pia.

Mlipuko ukitokea utamwona amepauka, anatiririka jasho, kichwa kinapasuka na presha iko juu mno. Fentolamini miligramu 1 kwa mshipa kwanza kuona anavyoipokea, kisha 2 hadi 5, na urudie kwa sababu nguvu yake huisha ndani ya dakika chache. Ukiikosa, nikadipini kwa dripu kuanzia miligramu 5 kwa saa, ukiongeza polepole hadi 15. Beta isiguswe kwanza.

Ikiwa nometanefrini itarudi chini ya 0.9 akiwa amelala na hana amitriptilini, suala la uvimbe limefungwa na utafute sababu nyingine ya presha. Ikipanda zaidi ya pale ilipokuwa, mpeleke CT ya tumbo na nyonga. Ikibaki juu kidogo ya kikomo, kama 1.2 au 1.4, fanya kipimo cha klonidini, dawa inayotuliza neva kutoka kwenye ubongo: mikrogramu 300 kwa mdomo, damu kabla na saa 3 baadaye, ukifuatilia presha maana inaweza kushuka sana. Nometanefrini ikishuka kwa asilimia 40 au zaidi, au ikiingia ndani ya kawaida, chanzo ni neva. Isiposhuka, chanzo hakisikii amri ya ubongo, na hapo CT ina sababu. Kipimo hiki kikifanywa mtu akiwa bado na amitriptilini mwilini kinatoa jibu la uongo, hivyo zile wiki mbili hazina njia ya mkato.