Tiki ya kijani haijui bei ya jiko: bei, nyota na saa za duka kwenye Google

Dada yangu ana duka la vyombo vya jikoni Kariakoo na mimi ndo nilimtengenezea tovuti yake, WordPress pamoja na plagini yake ya duka, WooCommerce, bidhaa kama sitini hivi. Siku moja mchana ananipigia, sauti tu nikajua kuna jambo. "We mdogo wangu, umeandika nini huko mtandaoni? Kuna baba kanipigia anauliza jiko la shilingi themanini na tano bado lipo?"

Jiko lenyewe ni la gesi, la pleti mbili, bei elfu themanini na tano. Nikafungua tovuti, bei iko sawa kabisa, 85,000/= maandishi makubwa. Nikatafuta jina la jiko Google, naona chini ya kichwa cha duka letu imeandikwa shilingi 85. Yule baba hakukosea, alisoma alichoonyeshwa.

Kwa wasiojua hiyo bei Google inaitoa wapi: ndani ya ukurasa kunakuwa na kipande kidogo cha data iliyopangwa, mteja hakioni, mashine inakisoma. Kinaandikwa kwa mtindo wa JSON-LD, na majina ya vitu yote yanatoka schema.org, msamiati ambao Google, Bing na Yahoo waliuanzisha pamoja mwaka 2011. Pale ndo unasema hii ni bidhaa, hii bei yake, hizi nyota zake, duka linafunguliwa saa fulani. Kikiwa sawa Google inaweza kuonyesha hayo mambo kwenye matokeo kabla mtu hajabonyeza. Nasema inaweza, maana hata ukipatia kila kitu hawakuahidi kwamba wataonyesha, na pia hakikupandishi namba kwenye matokeo, kinabadilisha tu unavyoonekana pale ulipo.

Sasa nilichofanya mimi. Mwanzo niliandika bei kama tunavyoandika dukani, "85,000/=". Baada ya siku kadhaa Search Console, ile huduma ya Google inayomwambia mwenye tovuti makosa yake, ikaniletea kosa kwamba bei siyo namba halali. Sawa, nikatoa ile mkwaju na alama ya sawasawa, halafu ile koma nikaigeuza nukta kwa haraka, ikawa 85.000. Nikapeleka kwenye Rich Results Test, kipimo cha Google cha hii data, tiki ya kijani. Nikafunga kompyuta nikijua nimemaliza.

Ila nukta kwenye bei kazi yake ni moja tu, kutenganisha shilingi na senti. Kwa hiyo 85.000 ni shilingi themanini na tano na sifuri tatu za senti, namba halali kabisa. Kosa la kwanza lilipiga kelele, la pili likanyamaza, na hili la pili ndo lililomfikia mteja. Tangu siku hiyo nimeacha kuiamini ile tiki zaidi ya kazi yake. Inapima sarufi tu, kwamba mabano yamefungwa na vitu vya lazima vipo, haijui jiko lako unauza bei gani.

Bei inaandikwa tarakimu tupu, bila koma, bila TSh, bila /=, na sarafu inakaa mahali pake peke yake kwa herufi tatu, TZS kwetu, KES kwa wenzetu wa Kenya:

```
<script type="application/ld+json">
{
  "@context": "https://schema.org",
  "@type": "Product",
  "name": "Jiko la gesi pleti mbili",
  "offers": {
    "@type": "Offer",
    "price": "85000",
    "priceCurrency": "TZS",
    "availability": "https://schema.org/InStock"
  }
}
</script>
```

Ukikopi hii usiipitishe kwenye Word kwanza, maana inageuza zile alama za nukuu kuwa za kupinda na kipande chote kinakufa. Hilo angalau ni kosa la kelele, utaliona papo hapo kwenye kipimo.

Halafu nikagundua kitu kingine kilichoniuma zaidi. WooCommerce tayari inatoa data ya bidhaa yenyewe, inachukua bei uliyojaza kwenye bidhaa, mimi nikawa nimeongeza yangu ya mkono juu yake. Yaani ukurasa mmoja ulikuwa na bei mbili, 85000 ya WooCommerce na 85.000 yangu, na Google ikachukua yangu. Kabla hujaongeza chochote fungua ukurasa wa bidhaa, angalia chanzo chake (Ctrl+U kwenye kompyuta), tafuta neno `application/ld+json`, uone vipo vipande vingapi na kila kimoja kinasema nini. Ukikuta bidhaa ileile imetajwa mara mbili, moja imetoka kwenye duka na nyingine kwenye plagini ya SEO au kwenye themu, zima moja. Mimi nabakiza ile inayovuta bei moja kwa moja kutoka dukani, kwa sababu ya mkono itakusaliti siku dada akipandisha bei kuwa 92,000 bila kukwambia. Ukurasa utasema 92,000, data itabaki 85000, kipimo kitakupa kijani kama kawaida, na mteja atakuja dukani kudai bei aliyoiona. Ila hakikisha kwenye mipangilio ya WooCommerce sarafu ni ya Tanzania. Nimeshakuta duka lilikuwa limebaki na dola, kila sufuria inauzwa dola elfu thelathini.

Nije kwenye saa, na hapa ndo pana mtego wa kwetu kabisa sisi tunaosema Kiswahili. Nilimuuliza dada duka linafunguliwa saa ngapi, akaniambia tunafungua saa mbili tunafunga saa kumi na mbili, Jumamosi mwisho saa tisa. Mtoto wake alikuwa pembeni anajaza profaili ya duka kwenye Google, akasikia akaandika kama alivyosikia, 2:00 AM mpaka 12:00 PM. Mimi nilikuwa kwenye tovuti najaza mengi kwa mpigo, nikakopi kutoka kwake, `"opens": "02:00"` na `"closes": "12:00"`. Kipimo kijani tena. Duka kufunguliwa saa nane usiku na kufungwa saa sita mchana siyo kosa la sarufi.

Kilichotokea ni kwamba kila siku ikishafika saa sita mchana, duka limejaa watu, simu ya mteja inamwonyesha kwa rangi nyekundu kwamba limefungwa. Hakuna anayekupigia kukwambia hilo, anaenda duka la jirani basi. Tuligundua kwa sababu fundi mmoja aliyezoea kununua pale alimwambia dada siku hizi mnafunga mapema sana.

Kwenye data hii saa ni za masaa 24, kwa hiyo saa zetu za mchana unaongeza sita, saa mbili asubuhi inakuwa 08:00, saa tisa alasiri 15:00, saa kumi na mbili jioni 18:00:

```
"openingHoursSpecification": [
  {
    "@type": "OpeningHoursSpecification",
    "dayOfWeek": ["Monday", "Tuesday", "Wednesday", "Thursday", "Friday"],
    "opens": "08:00",
    "closes": "18:00"
  },
  {
    "@type": "OpeningHoursSpecification",
    "dayOfWeek": "Saturday",
    "opens": "08:00",
    "closes": "15:00"
  }
]
```

Majina ya siku yabaki ya Kiingereza hata kama tovuti yako yote ni ya Kiswahili, ukiandika Jumatatu mashine haielewi. Na ujue, zile saa zinazoonekana pembeni kwenye matokeo na kwenye ramani kwa sehemu kubwa zinatoka kwenye ile profaili ya biashara, siyo kwenye tovuti, kwa hiyo rekebisha kule kwanza halafu tovuti ifuate, na maandishi ya "tuko wazi" kule chini ya ukurasa nayo yaseme hivyohivyo. Mwezi wa Ramadhani dada anabadilisha saa, na siku ya Iddi hafungui, hizo tunajaza kwenye profaili sehemu ya saa maalum, tovuti hatuigusi.

Nyota ndo sehemu ninayowaomba watu wasicheze nayo. Kuna mama mmoja alinipa tovuti yake niikague, nyota zote zilikuwa zimepotea na bei pia, bidhaa zote. Aliyemtengenezea mwanzo alikuwa ameweka kwenye templeti nyota 5 na rivyu 87, kwa hiyo kila bidhaa, kuanzia mwiko mpaka friji, ilikuwa na rivyu 87 zilezile, na ukifungua ukurasa huoni hata rivyu moja. Kipimo kilipitisha, miezi ikapita nyota zinawaka, kisha kwenye Search Console sehemu ya Manual actions ukakaa ujumbe kwamba data yake inadanganya. Adhabu hiyo haikushushi kwenye matokeo, ila inakunyima kuonyeshwa hivyo vitu vya ziada, na ndiyo maana bei zake za kweli zilipotea pamoja na nyota za uongo. Tukafuta ile sehemu yote, tukaomba kukaguliwa upya palepale kwa Request Review, tukasubiri. Zilirudi, ila alishapoteza msimu wa sikukuu.

Nyota halali ni zile ambazo mteja akifungua ukurasa wa hilo jiko anaziona, zimeandikwa na wanunuzi, na zinahusu hilo jiko siyo duka zima. Dada ana rivyu 14 kwenye lile jiko, wastani 4.6, basi data inasema `"ratingValue": "4.6"` na `"reviewCount": "14"`, na hapa nukta iko mahali pake. Sufuria isiyo na rivyu haina nyota, tunaiacha hivyo, bei peke yake inatosha kuonekana. Na kama unataka kuweka nyota za duka lenyewe, yaani wateja wanasifia duka lako kwenye tovuti yako mwenyewe, usihangaike, Google waliacha kuzionyesha hizo tangu Septemba 2019.

Siku hizi nikimaliza naweka anwani ya ukurasa kwenye Rich Results Test, tiki naipita, nabonyeza jina la bidhaa pale chini ili ifunguke nione mashine imesoma nini. Halafu nampigia dada namsomea kwa maneno, siyo kwa tarakimu. Jiko la gesi, elfu themanini na tano za Tanzania, lipo. Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi, linafungwa saa kumi na mbili jioni. Yeye anajibu ndiyo au hapana. Akishasema ndiyo kwa vyote naingia Search Console, naweka anwani juu pale, nabonyeza Request Indexing, na baada ya siku chache naangalia kwa simu ya mtu mwingine kama bei imebadilika. Lile jiko la shilingi 85 lilichukua siku tisa kutoka, na siku zote hizo dada alikuwa anapokea simu anaeleza.