Kamisheni ya wauzaji: maswali yenu

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru na wauzaji watatu wa nje. Nawapa asilimia 2 ya mauzo. Mauzo yamepanda lakini pesa sizioni. Zinaenda wapi?

Anza na simiti. Tuseme mfuko unakufikia dukani kwa shilingi 720 na unauza 750. Oda ya mifuko 200 ina faida ghafi ya 6,000, na kamisheni yake ni 3,000. Nusu imeshaondoka. Mteja akibembeleza apunguziwe 20 kwa kila mfuko, faida inashuka hadi 2,000 ilhali kamisheni ni 2,920. Wewe umeingia hasara ya 920, muuzaji kapoteza shilingi 80 tu. Kwa nini asikubali?

Mlipe kwa faida ghafi. Kiwango usikikisie: jumlisha kamisheni ulizolipa miezi mitatu iliyopita, ugawanye kwa faida ghafi ya miezi hiyo. Kama ni 54,000 kwa 360,000, kiwango ni asilimia 15. Oda ile ya simiti sasa inampa 900, na akipunguza bei anabaki na 300. Rangi ya 40,000 yenye faida ya 10,000 inampa 1,500 badala ya 800, na hapo ndipo utamsikia akimuuliza fundi kama ameshanunua rangi.

Sitaki wajue bei ninayonunulia. Itawezekana?

Ndiyo. Kila Jumatatu wape orodha ya bei ya msingi, iliyo juu kidogo ya gharama yako, na kamisheni ihesabiwe kwa kinachozidi hapo. Kwa kuwa kinachozidi ni kidogo kuliko faida nzima, kiwango lazima kiwe juu zaidi. Inayotumika ni bei ya msingi ya siku oda ilipoandikwa; ukiibadilisha baadaye, hawatakuamini tena. Lori la kupeleka mzigo Molo litozwe kwenye oda hiyo hiyo, la sivyo kila mteja ataahidiwa usafiri wa bure.

Naweza kuanza mwezi huu huu?

Usikimbilie. Sheria ya Ajira inataka ushauriane na mfanyakazi na umpe mabadiliko kwa maandishi. Piga hesabu zote mbili kwa miezi miwili, umwonyeshe kila mmoja angepata ngapi. Oda za zamani zilipwe kwa mpango wa zamani.

Tuko Kisumu, tunauzia shule na wakandarasi kwa mkopo. Kamisheni ilipwe lini?

Pesa inapoingia. Mteja akilipa nusu, muuzaji apate nusu. Deni likipita siku 60, kamisheni ipunguzwe nusu. Likipita 90, isiwepo. Lakini kama ni wewe mwenyewe uliyeikubalia shule isubiri pesa za serikali, hesabu siku kuanzia tarehe mliyokubaliana. Muuzaji hana mkono katika ucheleweshaji huo.