Mausi inaruka ukichomeka diski ya USB 3? Usikimbilie kununua mausi nyingine

Hapa Mombasa, kazi nyingi ninazoletewa za mausi isiyo na waya "iliyokufa" hazina mausi iliyokufa. Mtu ameshabadilisha betri, ameweka draiva upya, wengine hata wameshanunua mausi ya pili, na shida ni ile ile. Kwa hivyo siku hizi swali langu la kwanza ni moja: kuna nini kimechomekwa karibu na kile kipokezi kidogo cha mausi? Mara nyingi jibu ni diski ya nje, ile ya tundu la buluu.

Nieleze kinachotokea, kwa sababu ukikielewa utajua hata pa kusogeza. USB 3 hupitisha data kwa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde. Mapigo ya kasi hiyo hutoa mawimbi ya redio yanayosambaa kuanzia chini kabisa hadi karibu gigahezi 5, na katikati ya eneo hilo ndipo yalipo masafa ya gigahezi 2.4. Huko ndiko zinakozungumzia mausi nyingi zisizo na waya, Bluetooth, na waifai ya kawaida. Mawimbi hayo huvuja kwenye tundu lenyewe, kwenye waya, na kwenye kasha la diski. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilitoa waraka wa vipimo kuhusu jambo hili, na ilionekana kelele katika masafa hayo inaweza kupanda kwa desibeli 20 hivi, yaani nguvu yake kuwa mara mia. USB 2 haileti balaa hili, kwani kasi yake ya megabiti 480 iko chini mno.

Ni kama kunong'onezana mlangoni mwa matatu iliyofungulia muziki. Mwenzako hajapunguza sauti, ila wewe humsikii.

Na hapo ndipo watu wengi wanapopotea kwenye waifai. Wanatazama alama ya mtandao, wanaona fito zimejaa, wanasema mtandao uko sawa, basi kompyuta ni mbovu. Fito zile zinaonyesha nguvu ya ruta inavyofika kwako, hazionyeshi kelele iliyo kando ya antena yako. Zinaweza kujaa na bado usipate kitu.

Kuna dada mmoja anayehariri video za harusi, anafanyia kazi ghorofani katika nyumba ya zamani Mji wa Kale. Aliniita akasema, "Fundi, mausi yaruka na mtandao wakatika, tena wakati ule ule ninapohamisha picha." Maneno yake ya mwisho ndiyo yaliyonipa njia. Laptopu yake ilikuwa na matundu mawili upande wa kushoto, yamekaribiana sana. Moja lilikuwa na kipokezi cha mausi, la pili diski. Diski yenyewe alikuwa ameilaza nyuma ya skrini ili isimzuie mezani, na kwenye laptopu nyingi antena za waifai zimefichwa humo humo ndani ya fremu ya skrini.

Nilifungua dirisha la amri nikaanza kuita ruta yake, diski ikiwa imechomolewa:

```
ping -t 192.168.1.1
```

Anwani ya ruta yako huenda ikawa nyingine, kwa hivyo iangalie kwanza. Majibu yalikuja mfululizo, milisekunde chache kila moja. Nikachomeka diski na kuanza kunakili faili kubwa. Papo hapo majibu yakaanza kuchelewa, kisha `Request timed out` ikajitokeza mara kwa mara, na mshale wa mausi ukawa unaganda halafu unaruka. Nikachomoa, kila kitu kikatulia. Rudia kuchomeka na kuchomoa mara kadhaa kabla ya kuamini, maana mtandao wa nyumbani hukatika pia kwa sababu zake.

Jaribio la kukata mzizi wa fitina ni hili. Diski nyingi za nje zina tundu lile pana lenye sehemu mbili. Waya wa zamani wa simu, ule wa micro-B wa USB 2, unaingia vizuri kwenye ile nusu kubwa zaidi. Hakikisha tu ni waya wa data, si wa kuchaji peke yake. Diski itafanya kazi, lakini kwa kasi ya USB 2. Nilipoutumia, mausi ilitulia na majibu ya ruta yakarudi kuwa mfululizo huku faili zikiendelea kunakiliwa. Diski ile ile, tundu lile lile, kilichobadilika ni kasi tu. Basi hakuna tena cha kulaumu mausi.

Ukitaka unaweza kubaki hivyo. Ila hesabu gharama yake: kadi ya kamera ya gigabaiti 64 kwa USB 2 inachukua karibu nusu saa, wakati diski ya kawaida kwa USB 3 huimaliza kwa kama dakika kumi. Kwa mtu wa harusi, anayerudi na kadi kadhaa usiku, hilo si jambo dogo.

Dawa ya mausi ni rahisi. Nunua waya mfupi wa kurefusha USB, wa USB 2 unatosha kabisa, chomeka kipokezi mwisho wake na ukiweke kando ya mausi yenyewe. Umbali ndio tiba: unakiondoa kwenye kelele na kukisogeza kwa mwenzake kwa pamoja. Kuhamisha diski upande wa pili wa laptopu pia husaidia. Usichokifanya ni kuweka kipokezi na diski kwenye kigawanya tundu kimoja cha USB 3; hapo umewalaza kitanda kimoja.

Kwa waifai, toa diski nyuma ya skrini kwanza, iende mbali kadiri waya wake unavyofika. Usipoteze muda kubadilisha chaneli ya ruta kutoka 1 kwenda 6 au 11, kwani kelele hii inafunika masafa yote hayo. Ondoka gigahezi 2.4 kabisa uingie gigahezi 5, kama ruta yako inayo. Tatizo la nyumba za Mji wa Kale ni kuta zake nene za mawe ya matumbawe: gigahezi 5 huchoka kupita hapo kuliko 2.4. Na kuta hizo hizo ndizo zinazofanya 2.4 ifike dhaifu, ikamezwa upesi na kelele ya diski. Kwa yule dada, ruta ilikuwa chumba cha tatu. Tulivuta waya wa mtandao hadi mezani kwake, mausi ikapata waya wake mfupi, na diski ikabaki kwenye kasi yake kamili.

Wengine hufunga diski kwa karatasi ya alumini. Siipendekezi: mdomo wa tundu unaendelea kuvuja, na diski inakosa pa kutolea joto, jambo baya zaidi kwa hewa yetu hii. Waya mzuri wenye ngao kamili unapunguza kelele, lakini usiutarajie umalize yote.

Na mausi ikiendelea kuruka diski ikiwa imechomolewa kabisa, hiyo ni shida nyingine. Angalia betri, meza ya kioo, au mpangilio wa kuokoa umeme unaozima tundu.