Kibao cha kuchorea na simu: ninavyochora hina bila kompyuta

Kazi yangu ni hina na piko, hapa Mji wa Kale. Mwezi wa Shaaban harusi hufuatana mpaka mtu akasahau siku ya wiki, na kila bi harusi siku hizi anataka kuuona mchoro wake kwenye WhatsApp kabla ya siku yenyewe. Zamani nilichora kwa penseli kwenye daftari nikapiga picha. Akisema "toa hili ua", nafuta, karatasi inachafuka, naanza upya. Nikaamua kuchora kwenye simu, na hapo ndipo nilipopoteza pesa ambazo wewe huna haja ya kuzipoteza.

Kwanza nilinunua kalamu ya ncha ya mpira. Inaandika kwenye simu yoyote, kwa sababu simu inaiona kama kidole. Tatizo nalo ni hilohilo. Kioo cha simu kinahitaji mguso mpana kidogo ndipo kihisi, kwa hiyo ncha lazima iwe nene, na nene ile inafunika palepale unapotaka kuchora. Ukiegemeza kiganja, nacho kinachora. Vikonyo vya hina ni vyembamba kama uzi, na kwa kalamu ile sikupata hata kimoja kilichonyooka. Kwa kuandika orodha ya wateja inatosha, si zaidi.

Jirani yangu ana Galaxy S24 Ultra, simu ambayo kalamu yake hukaa ndani. Nikaiazima kalamu, nikaijaribu kwenye simu yangu, kimya. Kalamu ile huhisiwa na tabaka maalumu lililo chini ya kioo cha simu yenyewe, na simu isiyo na tabaka hilo haiioni kabisa. Usinunue kalamu ya aina hiyo peke yake ukidhani itafanya kazi kwako. Mwenye iPhone naye ajue kwamba Apple Pencil haiandiki kwenye iPhone, ni ya iPad.

Kilichonifaa ni kibao kidogo kisicho na skrini, aina ya vile vinavyotengenezwa na Huion, XP-Pen na Wacom. Unachora juu ya kibao, mstari unatokea kwenye simu. Kalamu yake haina betri, na kibao hakijali kiganja, unaegemeza mkono kama kwenye karatasi. Kabla ya kulipa, soma boksi: lazima liseme kibao kinakubali Android, na mara nyingi huandikwa Android 6.0 na kuendelea.

Kibao huunganishwa kwa waya, kupitia adapta ya OTG, kile kipande kidogo kinachoingia kwenye tundu la chaji la simu. Siku ya kwanza nilichomeka, taa ya kibao ikawaka, lakini kwenye simu hakuna kitu. Nikarudi dukani nikiwa na hakika kwamba nimeuziwa kibovu. Kijana wa duka akautazama waya niliotumia, wa chaja yangu ya zamani, akaniambia, "Mama, waya huu ni wa chaji tu, haupitishi data." Akachomeka waya uliokuja na kibao, kishale kinachofuata kalamu kikatokea papo hapo kwenye simu. Basi shika hivi: taa ikiwaka na kishale kisionekane, umeme unapita lakini data haipiti, na wa kwanza kushukiwa ni waya. Taa isipowaka kabisa, shuku adapta, au nenda kwenye mipangilio ya simu utafute neno OTG. Kuna simu ambazo lazima uliwashe mwenyewe, nazo hulizima tena baada ya kama dakika 10 zisipotumika. Ukitoka kuswali ukarudi na kibao kimekufa, mara nyingi ni hilo tu.

Waya ukiwa mzima, bado kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Kibao kimeundwa kwa ajili ya skrini ya kompyuta, ambayo ni pana, na simu ni ndefu. Chukua kibao cha milimita 160 kwa 100 na simu ya uwiano wa 20 kwa 9 iliyolazwa. Kibao kizima kikitandazwa juu ya skrini nzima, kila unachochora kinapanuka kwa karibu asilimia 40. Ua la mviringo linakuwa yai, na mwandiko unalala kama umevutwa na mtu. Mimi nilidhani mkono wangu ndio mbaya, nikafanya mazoezi wiki nzima bure.

Jaribio lake ni jepesi. Weka sarafu juu ya kibao, ishike isiteleze, izungushie kalamu. Duara kwenye simu likiwa duara, uko sawa. Likiwa yai, kibao kiko kwenye hali ya kompyuta. Vibao vingi vina hali ya simu, na kwenye baadhi yavyo hubadilishwa kwa kubana vitufe viwili vya pembeni pamoja kwa sekunde chache. Karatasi ya maelekezo itakwambia ni vipi. Kwenye hali hiyo simu husimama wima na sehemu inayofanya kazi hupungua. Kwa hesabu ileile, kimo cha milimita 100 kinakubakishia upana wa 45 tu. Tembeza kalamu polepole mpaka kishale kigote kila upande, kisha weka alama za utepe kwenye mipaka hiyo. Zima pia mzunguko wa skrini, maana simu ikijilaza kishale kinaweza kwenda juu huku wewe unakwenda kando.

Milimita 45 zinasikitisha, lakini mkono wa mtu nao ni mrefu na mwembamba. Bi harusi wa mwisho niliyemchorea alitaka kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko, na akaniambia, "Dada, jina la bwana harusi liwemo, lakini alitafute." Nilimpiga picha mkono ukiwa bapa juu ya meza, simu ikiwa juu yake moja kwa moja, si kwa mshazari. Katika Sketchbook, programu ya kuchorea isiyo na malipo, niliiweka picha ile kama tabaka la chini na kuipunguzia rangi mpaka ikawa kivuli. Maua niliyachora kwenye tabaka la pili, na jina, kwa herufi za Kiarabu, kwenye la tatu peke yake. Kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto vinakuza picha kwenye kioo huku kalamu iko kulia, na hivyo ndivyo ninavyopata vikonyo vyembamba ndani ya nafasi ndogo. Mstari usiponenepa unapokandamiza kalamu, badilisha brashi kwanza, kwani si zote zinazofuata uzito wa mkono.

Jaza chaji kabla hujaanza. Kibao hula umeme wa simu, na kinakalia tundu lilelile la chaji. Kwa joto letu la Pwani weka na leso karibu, mkono wenye jasho hushikana na kibao na mstari unakatika katikati.

Alipouona mchoro alisema jina liko wazi mno. Nililisogeza tabaka lile la tatu mpaka kwenye jani la chini ya kidole cha pete, nikalipunguza ukubwa, maua sikuyagusa. Akanijibu usiku uleule: hapo hapo.